Video ikikwama, usikimbilie kununua bando

Shemeji yangu wa Tabata alikuwa amekwisha kununua bando mara mbili siku ile kabla hajanipigia simu. Jumapili jioni, sebule imejaa, laptopi imeungwa na televisheni kwa waya wa HDMI, watu wanataka kuona marudio ya mechi. Picha ilikuwa inadundadunda. Mpira unapigwa kutoka wingi ya kulia, unapotea, unaonekana tena ukiwa tayari miguuni mwa beki. Watoto wakaanza kucheka. Yeye akaanza kuitukana kampuni ya simu.

Nilipofika nilisimama mlangoni kwanza nikasikiliza. Sauti ya mtangazaji ilikuwa inatiririka bila kukatika hata neno moja. Picha ndiyo iliyokuwa inaruka. Hapo hapo nikashuku kwamba fedha ya bando imekwenda bure, lakini kushuku si kujua, na shemeji si mtu wa kukubali maneno matupu. Nikachukua kipanya, nikabofya kitufe cha kulia juu ya video yenyewe, na kwenye menyu ndogo iliyojitokeza nikachagua mstari wa chini ulioandikwa `Stats for nerds`.

Kikatokea kiboksi cheusi kwenye kona ya juu kushoto, chenye maandishi madogo meupe. Wengi huwahi kukifungua kwa bahati mbaya na kukifunga haraka wakidhani wameharibu kitu. Kiboksi hicho ni YouTube inakuonyesha, sekunde kwa sekunde, kinachoendelea ndani ya kicheza video chake: imepokea nini, imeweka akiba kiasi gani, na imeshindwa kuonyesha nini. Mistari ni mingi na baadhi yake hata mafundi hawaihitaji. Mistari unayoitaka kwa ugonjwa wa video kukwama haizidi minne, na mmoja wao ndio wa kusomwa kabla ya yote.

Mstari huo ni `Buffer Health`. Mbele yake kuna namba na herufi s, yaani sekunde. Kwa shemeji ilikuwa inasoma `43.12 s`.

Fikiria simtanki juu ya paa. Maji ya bomba yanaingia kwa kasi yake, nanyi ndani mnafungua koki kwa kasi yenu. Hamnywi maji ya bomba moja kwa moja, mnakunywa ya tangini, na ndiyo maana bomba likikatika kwa dakika kumi hakuna anayejua. Kicheza video hufanya hivyo hivyo. Hakikuonyeshi kile kinachoingia sasa hivi kutoka kwenye mtandao. Kinapakua mapema vipande vya mbele vya video, kinaviweka kwenye kumbukumbu, na kukuonyesha kutoka humo. `Buffer Health` ni kipimo cha tangi hilo, ila badala ya lita kinapima muda. `43.12 s` maana yake ni kwamba ungeng'oa ruta ukutani dakika ile, mechi ingeendelea kwa sekunde 43 zaidi kabla ya kusimama.

Basi mtu mwenye akiba ya sekunde 43 hana shida ya mtandao. Nilimwambia shemeji hivyo, naye akaninyooshea kidole kwenye mstari wa juu yake, `Network Activity`, uliokuwa unasoma `0 KB`. “Si unaona? Sifuri. Mtandao haupo.”

Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu anayekisoma kiboksi hiki. Turudi tangini. Ndani yake kuna boya, na tangi likijaa boya linaziba maji yasimwagike. Bomba likiwa kimya wakati tangi limejaa, hakuna tatizo. YouTube ikishaweka akiba ya kutosha huacha kupakua, inasubiri akiba ipungue kidogo, inavuta kipande kingine, inanyamaza tena. Ukikaa ukautazama mstari ule utauona unalala kwenye sifuri, unaruka ghafla hadi mamia au maelfu ya kilobaiti, unalala tena. Sifuri inatisha pale tu ambapo akiba nayo inashuka bila kurudi juu.

Sasa, kama mtandao hauna hatia, nani anaruka na mpira? Jibu liko kwenye mstari ulioandikwa `Viewport / Frames`. Kwa shemeji, baada ya kuifungua video upya na kuiacha icheze dakika moja kamili, ulisomeka hivi:

```
1920x1080*1.00 / 1080 dropped of 3600
```

Sehemu ya kwanza ni ukubwa wa dirisha la video kwa nukta za kioo: 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani kioo kizima cha ile televisheni. Sehemu ya pili ndiyo yenye habari. Video ni mfululizo wa picha zilizoganda, kila moja huitwa fremu, na mechi ile ilikuwa imerekodiwa kwa fremu 60 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 60 za dakika, unapata 3,600. Kati ya hizo, 1,080 zilitupwa bila kuonyeshwa. Ni asilimia 30. Kila sekunde, fremu 18 kati ya 60 hazikufika machoni, na mpira unaokwenda kasi hausubiri: jicho linaona tundu mahali ulipopita.

Kwa nini zitupwe wakati zimekwisha pakuliwa, ziko tangini, zimelipiwa na bando? Kwa sababu fremu haifiki ikiwa tayari kuonyeshwa. Inakuja imebanwa, na kompyuta inapaswa kuifungua. Kwa mechi ya fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 17 kwa kila fremu. Ikichelewa, kicheza video kina njia mbili: kuzuia sauti isubiri picha, au kuitupa picha iliyochelewa na kuendelea na inayofuata. Sauti ikikatika masikio yanaumia mara moja, kwa hiyo picha ndiyo hutolewa sadaka. Ndiyo maana nilisimama mlangoni kusikiliza. Sauti ikitiririka huku picha inaruka, shaka yako iangukie kwenye mashine. Mtandao ukiwa ndio mkosaji, tangi linakauka na vyote viwili vinasimama pamoja, na kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya kioo.

Laptopi ya shemeji ni ya mtumba, imara, ya kiofisi, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne. Aliinunua kwa bei nzuri na hakuna aliyemdanganya. Kwa kuandika barua na hesabu za duka lake ni mashine nzuri mpaka leo. Ila tazama mstari wa `Codecs` ulivyosomeka pale:

```
vp09.00.51.08.01.01.01.01.00 (303) / opus (251)
```

Usiogope mlolongo huo. Herufi nne za kwanza zinatosha. Ubanaji wa video una mitindo yake, mafundi huiita kodeki, na YouTube huhifadhi video ileile katika mitindo kadhaa. Ukiona `avc1` ni H.264, mtindo wa zamani ambao karibu kila chombo kinaufahamu. Ukiona `vp09` ni VP9, ulioletwa na Google, unaobana vizuri zaidi. Ukiona `av01` ni AV1, mpya kuliko yote mitatu na mgumu zaidi kufungua.

VP9 ilikamilishwa Juni 2013. Prosesa za Intel za kizazi cha nne zilizinduliwa Juni hiyohiyo. Ni rika moja, na hapo ndipo lilipo tatizo: chipu ilipochorwa, mtindo ulikuwa haujakamilika, kwa hiyo hakuna aliyeiwekea njia yake maalumu ya kuufungua. Chipu za kompyuta huwa na kona ndogo iliyotengwa kwa kazi ya kufungua video, na kona hiyo huifanya kazi bila jasho kwa mitindo inayoijua. Ya kizazi cha nne inaijua H.264 vizuri sana. VP9 haikuwekewa. Kwa Intel, kona inayoifungua VP9 kikamilifu ilikuja na kizazi cha saba, na ya AV1 ikaja na kizazi cha 11, mwaka 2020. Mtindo usiokuwa na kona yake unafunguliwa na prosesa yenyewe kwa nguvu ya mikono, tuseme, na kwa fremu 60 kubwa kila sekunde nguvu hiyo haitoshi.

Ukitaka kuthibitisha kwenye kivinjari cha Chrome, andika `chrome://gpu` mahali pa anwani. Ukurasa utakaofunguka ni mrefu na unachosha, lakini juu kuna mstari `Video Decode`. Ukisema `Software only`, kona ile haitumiki kabisa, na huenda mtu alizima msaada wa kadi ya picha kwenye mipangilio ya kivinjari. Kuuwasha tu kunaweza kumaliza kesi. Kwa shemeji mstari ulisema `Hardware accelerated`, jambo ambalo lingeweza kutupotosha. Tukashuka chini hadi kwenye `Video Acceleration Information`, ambako mitindo inayofahamika na chipu huorodheshwa mmoja mmoja. H.264 ilikuwepo. VP9 haikuwepo. Msaada upo, ila si kwa video hii.

Tukaanza kujaribu, kitu kimoja kwa wakati, tukifungua ukurasa upya kila mara ili hesabu ianze kwenye sifuri, na kuacha dakika moja ipite kipandekipande kilekile cha mechi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na video ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya.

Kwanza tulishusha ubora kutoka 1080p hadi 720p, kwenye kile kigurudumu cha mipangilio, `Quality`. Fremu bado 60 kwa sekunde, lakini kila moja ina nukta chini ya nusu ya zile za mwanzo. Zilizotupwa zikawa 190 kati ya 3,600. Shemeji akasema imepona. Mwanawe, ambaye macho yake ni ya miaka 14, akasema bado. Mtoto alikuwa sahihi: asilimia tano zikitupwa kwa mafungu unaziona pale kamera inapozunguka uwanja. Tukashuka 480p. Hapo YouTube huacha fremu 60 na kutoa 30, na namba ikawa 2 kati ya 1,800. Laini kama siagi, lakini kwenye televisheni kubwa namba za mgongoni mwa jezi hazisomeki.

Ndipo tukajaribu njia ya tatu. Kuna kiongezo kidogo cha kivinjari, cha bure, kinachoitwa h264ify. Kazi yake ni kuiambia YouTube kwamba kompyuta hii haifahamu VP9, ni uongo wa heri, na YouTube inajibu kwa kutuma nakala ya H.264. Tukakiweka, tukarudisha 1080p, tukafungua upya. `Codecs` ikaanza na `avc1`. Baada ya dakika moja: 6 kati ya 3,600. Fremu sita za mwanzoni, wakati video inajipanga, hazina maana. Karibu kila chombo hutupa chache unapoanza au unaporuka mbele.

Dawa hiyo ina gharama, nami nilimwambia kabla hajafurahi sana. VP9 ilibuniwa ili video yenye ubora uleule ichukue data kidogo. Ukiilazimisha YouTube irudi H.264, mechi ileile inakula bando zaidi. Na YouTube haitoi H.264 juu ya 1080p, kwa hiyo ukiwa na televisheni ya 4K unajifungia mlango. Kwa laptopi ile haikuwa hasara, maana 4K isingeiweza hata kwa maombi. Kwa bando ilikuwa hasara kweli, na shemeji aliamua kulipa. Hapo angalau analipia kitu anachokiona.

Nyumbani kwangu nina ugonjwa wa aina nyingine, na nausimulia kwa sababu ukiusoma kiboksi kwa haraka utaupa dawa ya shemeji na hautapona. Chumbani, usiku, nikiwa nimechagua 1080p kwa mkono, video inacheza vizuri kama nusu dakika, kisha inasimama yote, sauti na picha, kiduara kinazunguka. Inaendelea kidogo, inasimama tena. Usiku mmoja nikaamua kuandika namba ya `Buffer Health` kila sekunde kumi. Nilipata 24, kisha 19, 14, 9, 4, halafu 0. Fremu zilizotupwa wakati wote huo zilikuwa tatu.

Namba hizo, zikiwa kwenye mstari, zinasema mengi kuliko namba yoyote peke yake. Kila baada ya sekunde kumi akiba ilipungua kwa tano. Nilikuwa nimetazama sekunde kumi za video, lakini tangi limepungua tano tu, maana yake tano nyingine ziliingia. Mtandao ulikuwa unaleta nusu ya kile kinacholiwa. Kwa hesabu hiyo sihitaji kupima kitu kingine ili kujua nifanye nini kwa usiku ule: nichague ubora unaokula nusu. YouTube wenyewe hushauri kasi ya kudumu ya megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080p, na 2.5 kwa 720p. Nikashuka 720p na akiba ikaacha kushuka. Ingekuwa inapungua tisa kila sekunde kumi, 720p isingenisaidia, ningeshuka hadi 360p au nilale.

Mstari wa `Connection Speed` ulikuwa unasoma karibu `2400 Kbps`, na ukakubaliana na hesabu yangu. Lakini mstari huo unahitaji tahadhari. Kwanza, ni kadirio linalotokana na vipande vya karibuni ilivyopakua YouTube, si kasi ya laini yako yote. Kama watoto wanapakua gemu chumba cha pili, kadirio linashuka. Pili, kipimo chake ni kilobiti, wakati `Network Activity` iliyo chini yake ni kilobaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo 2,400 ya juu ni sawa na 300 ya chini kwa sekunde. Nimewahi kumwona kijana wa duka la simu akimwonyesha mteja namba hizo mbili kama ushahidi kwamba mtandao “unapoteza” data njiani. Hakuna kilichopotea, ni vipimo viwili tofauti vimekaa jirani.

Kiboksi hakiwezi kukwambia tundu liko wapi kwenye bomba, yaani kama ni kampuni, au ruta, au ukuta wa tofali kati yako na ruta. Hilo unalitafuta kwa miguu. Nilibeba laptopi, video ikiendelea, nikatoka chumbani hadi sebuleni na kukaa mita moja kutoka kwenye ruta. Baada ya vipande vichache kupakuliwa, `Connection Speed` ikapanda hadi 11,000 na kitu. Kampuni ilikuwa inaleta maji ya kutosha mpaka getini; mimi ndiye niliyeificha ruta nyuma ya televisheni, kona ya mbali, kuta mbili kutoka kitandani. Ningekuta 2,400 hata nikiwa nimeikumbatia ruta, hapo ndipo ningepiga simu huduma kwa wateja.

Watu wanaoacha ubora kwenye `Auto` hawaoni sana kiduara. Wao hulalamikia ukungu: nyuso hazina pua, maandishi hayasomeki. Wasome `Current / Optimal Res`. Upande wa kushoto ni ubora unaochezwa sasa, kwa mfano `640x360@30`, na upande wa kulia ni ule ambao kicheza video kinaona ungefaa kwa hali iliyopo. Kushoto kukiwa kudogo huku akiba ikiwa imenona, mara nyingi kicheza video kiliwahi kuona mtandao unayumba kikajihami kwa kushusha ubora kabla tangi halijakauka. Lakini kabla ya kulaumu mtandao, tazama ile `Viewport` tena. Ukitazama kwenye kidirisha kidogo cha nukta 640 kwa 360, `Auto` haioni sababu ya kukuletea 1080p, na haikosei. Panua dirisha lijaze kioo, subiri akiba ya zamani iishe, uone kama namba ya kushoto itapanda.

Na kama inasoma `1920x1080` pande zote mbili, akiba imejaa, hakuna fremu iliyotupwa, na bado picha ni ukungu? Basi hivyo ndivyo ilivyopandishwa. Aliyerekodi harusi kwa simu ya zamani kisha akaihifadhi kama 1080p ametengeneza nukta nyingi zisizo na kitu ndani. Hakuna bando wala laptopi itakayoziosha.

Matangazo ya moja kwa moja yana kanuni yao. Ibada ya Jumapili au mechi inayochezwa sasa hivi haiwezi kuwekewa akiba ya sekunde 40, kwa sababu sekunde hizo bado hazijatokea duniani. Akiba inaweza kuwa sekunde chache tu na kila kitu kikawa salama. Kwenye matangazo hayo kiboksi huongeza mstari wa `Live Latency`, unaoonyesha uko nyuma ya tukio kwa sekunde ngapi. Jirani akishangilia bao kabla yako, ndiyo namba ya kumlaumu. Tangi dogo halivumilii bomba linalokatika, kwa hiyo mtandao uleule unaokupa filamu bila shida unaweza kukukwamisha kwenye mechi. Ukirudi nyuma nusu dakika kwa kusogeza kile kimstari cha chini, unakipa kicheza video nafasi ya kujaza tangi, na unalipia kwa kujua matokeo baada ya jirani.

Kwenye simu hakuna kitufe cha kulia. Kwa Android, ndani ya programu ya YouTube, unaingia `Settings`, kisha `General`, unawasha `Enable stats for nerds`; baada ya hapo chaguo hutokea kwenye kigurudumu cha video yenyewe. Namba ni zilezile. Netflix nao wanacho chao, kwenye kompyuta unabonyeza Ctrl, Alt, Shift na D kwa pamoja, ingawa mpangilio wake umekaa kama ripoti ya maabara na sijawahi kumwona mtu wa kawaida akikifurahia.

Kosa moja limebaki, nami nililifanya mwenyewe. Hesabu ya fremu zilizotupwa hairudi nyuma. Inajumlisha tangu video ilipoanza, na inaweza kuruka ulipohamia kichupo kingine, ulipopanua kioo, uliporuka mbele. Ukikuta `400 dropped` hujui kama zimetupwa sasa au saa moja iliyopita ulipokuwa unajibu barua pepe. Soma namba, hesabu hadi thelathini, soma tena. Tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo hali ya sasa.

Wiki mbili baada ya Jumapili ile shemeji alinitumia picha ya kioo chake. Sasa anajua kukifungua kiboksi, na anajivunia. `avc1`, akiba sekunde 50 na kitu, ila `1206 dropped of 54000`. Dakika 15 za mechi. Nikamuuliza mwanzoni ilikuwaje. Akasema dakika kumi za kwanza ilikuwa ikisoma 9, ndipo ikaanza kupanda. Mtandao haufanyi hivyo, na mtindo wa video ulikuwa sahihi. Nikamuuliza laptopi imekaa wapi.

“Kwenye kochi, Shem. Juu ya mto, isikwaruzike.”

Laptopi hupumua kwa chini. Ukiiweka kwenye mto unaiziba pua, chipu inapata moto, na ikifika kiwango chake inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Nikamwomba aiweke mezani, aifungulie feni, asiguse kitu kingine. Baada ya robo saa ikaja picha ya pili. Jumla ya fremu ilikuwa imepita laki moja. Zilizotupwa zilikuwa 1,212.

Akaandika chini yake: “Hizo sita ni za wakati naihamisha.”